Uzi: Naomba mnisomee tangazo la uchunguzi wa mlango wa kizazi kabla halijaenda kuchapwa (Tanga)

MkungaWaChumbageni aliandika:

Habari za jioni wadau. Mimi ni muuguzi mkunga kwenye kliniki binafsi hapa Tanga mjini. Jumamosi ya kwanza baada ya Februari 4, ambayo ni Siku ya Saratani Duniani, tutafanya uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa bei iliyopunguzwa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika tangazo.

Kwenye kikao lilitolewa pendekezo kichwa kiwe "Saratani inaua kimya kimya" na pembeni iwepo picha ya mgonjwa kitandani. Nimelikataa, na sababu yangu inatoka chumba cha uchunguzi. Karibu wanawake wote wanaopanda kile kitanda hawana saratani. Tunachotafuta ni mabadiliko ya mwanzo kwenye ngozi ya mlango wa kizazi, ambayo yakiachwa huchukua miaka mingi, mara nyingi 15 hadi 20, kufika kuwa saratani, na mengine hupotea yenyewe. Sasa mama aliyeletwa na bango la kifo ukimwambia majibu ni chanya, anasikia kwamba anakufa. Huwezi kumweleza tena kuhusu tiba ya joto ya nusu dakika. Anachukua mkoba wake anaondoka, na simu hapokei.

Rasimu yangu ni hii:

*UCHUNGUZI WA MLANGO WA KIZAZI. Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri.*
*Kipimo cha siki: Sh 10,000 (siku za kawaida Sh 25,000). Majibu papo hapo.*
*Kipimo cha kirusi cha HPV: Sh 60,000 (siku za kawaida Sh 90,000). Majibu ndani ya wiki 2.*
*Kwa wanawake wa miaka 30 hadi 49, na miaka 25 hadi 49 kwa wanaoishi na VVU.*
*Dalili: kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, uchafu wenye harufu, maumivu ya nyonga.*
*Wasije: walio kwenye hedhi, wajawazito, walioondolewa kizazi.*
*Nafasi 36.*

Naomba mniambie mnaelewa nini mkisoma, kinatisha wapi, na kimepungua nini. Msiniogope, nisahihisheni.

---

Mwanaidi_Makorora aliandika:

Bei nimeielewa. Ila kipimo cha siki ndiyo nini, dada? Siki hii ya kachumbari? Maana hapo mtu anaweza kusema si nitajiwekea mwenyewe nyumbani.

---

MkungaWaChumbageni aliandika:

Swali zuri sana Mwanaidi, na tafadhali asijiwekee mtu nyumbani. Asidi ni ileile iliyo kwenye siki, lakini yetu imepimwa, 3 hadi 5 kwa 100, na hutayarishwa siku hiyohiyo. Mkunga anafungua njia kwa spekulamu ili auone mlango wa kizazi, anapaka kwa pamba, anasubiri dakika nzima, halafu anaangalia kwa taa kali. Sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe, na weupe wake una ukingo. Kama hakuna weupe, majibu ni hasi. Kazi yote iko kwenye kuona, kwa hiyo ukijipaka mwenyewe hutapata jibu lolote zaidi ya kuwashwa.

Anayepimwa husikia ubaridi, wengine husikia kuwasha kidogo. Hakuna sindano wala kukatwa.

---

BiMkubwa_Korogwe aliandika:

Mwanangu, hujambo. Nimestaafu uuguzi. Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa kwenye uratibu wa huduma za uzazi, kwa hiyo matangazo ya namna hii nimeyaona mengi. Kukataa ile picha umefanya jambo la maana. Lakini rasimu yako ina mistari miwili ambayo mimi ningeifuta leo.

Wa kwanza ni wa dalili. Umeuweka kwa nia njema, na kila mtu huuweka, lakini fikiri utamleta nani. Mwanamke mzima asiye na dalili, ambaye ndiye hasa unayemtaka, atasoma orodha, ataona hana hata moja, atasema hili halinihusu. Na yule anayetokwa damu baada ya kukutana na mumewe ataona ameitwa, atakuja Jumamosi, atapanga foleni ya kipimo cha siki. Huyo hahitaji uchunguzi wa jumla. Anahitaji daktari, historia yake ichukuliwe kwa utulivu, na ikibidi akatwe kinyama kikapimwe. Ukimpaka siki ukaona hakuna weupe, ukampa karatasi ya hasi, umemtuliza mtu ambaye hakutakiwa kutulizwa. Nimewahi kumpokea mama aliyekuja na karatasi ya namna hiyo mkononi.

Kwa hiyo andika kinyume chake. Sema huduma hii ni kwa wasio na tatizo lolote. Halafu mstari mmoja chini: mwenye kutokwa damu isiyo ya kawaida asisubiri Jumamosi, aje siku yoyote amwone daktari. Useme hivyo tu, bila kueleza damu hiyo huenda ikawa nini, kwa sababu mara nyingi sababu yake ni nyingine kabisa na si saratani.

Mstari wa pili ni huo wa VVU. Kitaalamu uko sahihi. Shirika la Afya Duniani linashauri miaka 30 kwa wanawake wote, na 25 kwa wanaoishi na VVU kwa kuwa kwao mabadiliko huenda haraka zaidi. Lakini wewe umeandika kwenye bango la mtaani kwamba wa miaka 25 hadi 29 ni wenye VVU peke yao. Binti wa miaka 27 akionekana kwenye benchi lako Jumamosi, jirani yake aliyesoma bango ameshajua hali yake. Umemtangaza bila kutaja jina lake. Au hatakuja, na yeye ndiye anayekuhitaji zaidi.

---

MkungaWaChumbageni aliandika:

Shikamoo Bi Mkubwa. Huo mstari wa VVU nimeusoma mara ngapi sijui na sikuliona hilo. Tuseme nini basi? Nikifungua kwa wote kuanzia 25, nitawapima wengi wa chini ya 30 wasiohitaji, hasa kwa kipimo cha HPV. Umri huo kirusi hukutwa kwa wengi na mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Nitakuwa nimewauzia wasiwasi kwa Sh 60,000.

---

BiMkubwa_Korogwe aliandika:

Marahaba. Hapo umesema vizuri, na ndiyo maana usifungue kwa wote. Andika: "Miaka 30 hadi 49. Ukiwa chini ya 30, piga simu kwanza tukuambie kama kipimo kinakufaa." Wapo watakaopiga kwa sababu ya VVU, wapo watakaopiga kwa sababu shangazi kawaambia. Kwenye benchi hakuna atakayewatofautisha. Na hao wa VVU wafikieni kupitia kliniki yao ya dawa, CTC, muuguzi wa kule awaambie ana kwa ana kwamba nafasi ipo. Na hapo dirishani pesa iwe ileile na karatasi iwe ya rangi ileile kwa wote.

---

DuktaDuka_Pongwe aliandika:

Mimi nina duka la dawa muhimu na nimewahi kuhudhuria semina ya jambo hili. Ongezeni kwamba waliovuka miaka 50 na waliokoma hedhi hawahitaji tena, hatari imeshapita. Na waliopata chanjo ya HPV pia wasipoteze pesa zao, wameshakingwa.

---

BiMkubwa_Korogwe aliandika:

Dukta, nusu ya maneno yako ni kweli, lakini hiyo nusu nyingine tusiiandike popote. Kipimo cha siki hakifai sana baada ya kukoma hedhi, hilo ni kweli. Sababu yake ni kwamba ile sehemu tunayotaka kuiona hurudi ndani ya njia ya mlango wa kizazi. Ukipaka siki unaona kile cha nje tu, na cha nje kinaweza kuwa safi. Hatari yenyewe haijapita. Wanawake wengi wanaougua kweli wako kwenye umri huo na kuendelea. Mwanamke wa miaka 52 ambaye hajawahi kupimwa maishani, kipimo cha HPV kinamfaa, kwa kuwa chenyewe hakitegemei jicho la mkunga. Anayeweza kuacha ni yule aliyepimwa mara mbili mfululizo majibu yakawa hasi, ndipo akavuka 50.

Na chanjo: hapa Tanzania ilianza nchi nzima 2018 kwa mabinti wa miaka 14. Wahesabu, hata 25 hawajafika. Bango hili haliwahusu bado. Na wakifika umri wa kupimwa watapimwa kama wengine, maana chanjo haizuii aina zote za kirusi.

---

DuktaDuka_Pongwe aliandika:

Nimekuelewa mama, asante. Hilo la sehemu kurudi ndani semina haikulisema, au mimi sikulishika.

---

Mzee_wa_Duga aliandika:

Hapo kwenye bei sijaona tezi dume. Ni Sh ngapi, na mimi wa miaka 61 naruhusiwa? Mke wangu naye alishaondolewa kizazi mwaka juzi, je aje?

---

MkungaWaChumbageni aliandika:

Mzee wangu, shikamoo. Siku hiyo ni ya wanawake tu, chumba na vifaa vyote ni vya mlango wa kizazi. Wewe njoo siku ya kawaida umwone daktari mweleze hali ya mkojo wako, ataamua kipimo gani kinafaa.

Kuhusu mama: itategemea kilichoondolewa na kwa nini. Kama kizazi kiliondolewa chote pamoja na mlango wake kwa sababu ya uvimbe wa kawaida, hana cha kupimwa hapa na asilipe chochote. Kama mlango uliachwa, au kama upasuaji ulifanyika kwa sababu ya mabadiliko ya seli, aje na karatasi yake ya kuruhusiwa hospitali, siku ya kawaida, tuisome pamoja. Mmenionyesha kwamba neno "walioondolewa kizazi wasije" limekata mno. Nitaandika "njoo na karatasi zako siku nyingine".

---

Mama_Ramla aliandika:

Samahanini wadau kama naingilia. Mimi nina miaka 38. Tangu mwezi wa Ramadhani uliopita natokwa damu kidogo kila baada ya tendo, si nyingi, matone. Dawa za kuingiza nimetumia mara mbili, inaacha inarudi. Nilikuwa nimeshapanga kuja hiyo Jumamosi kwa hiyo elfu kumi. Sasa nimesoma hapo juu nimechanganyikiwa, nisije?

---

MkungaWaChumbageni aliandika:

Mama Ramla, karibu sana na hujaingilia. Usisubiri Jumamosi ile, njoo wiki hii, siku yoyote ya kazi, kwetu au hospitali ya Bombo au kituo chochote chenye daktari na chumba cha uchunguzi wa ndani. Sikuharakishi kwa sababu nadhani una jambo baya. Matone baada ya tendo yana sababu nyingi: maambukizi, kinyama kidogo kisicho na madhara kwenye mlango wa kizazi, wakati mwingine njia ya uzazi wa mpango. Ninachotaka ni uangaliwe vizuri na mtu mwenye muda, maana siku ya foleni kila mmoja ana dakika 20. Ukifika, mwambie daktari maneno uliyoandika hapa: lini ilianza, dawa gani, mara ngapi. Na usiingize dawa nyingine yoyote kwa siku mbili kabla, ili aone hali ilivyo.

---

Mama_Ramla aliandika:

Asante dada. Nitakuja Jumatano nikitoka sokoni.

---

KijanaWaBarabaraYa12 aliandika:

Mimi sitazungumzia utabibu, nazungumzia pesa. Dada yangu alikwenda kwenye kliniki moja, siitaji, tangazo lilisema kipimo bure. Alipolala kitandani akaambiwa ameonekana na "dalili za awali", tiba ni Sh 150,000, na afadhali alipe leoleo kabla haijasambaa. Akatoka pale akilia, tukachangishana ukoo mzima. Baadaye alipimwa kwingine akaambiwa hakuna kitu.

Kwa hiyo nikisoma elfu kumi yako, swali langu la kwanza ni: nikikutwa na kitu, mwisho wa siku nitatoka na deni la shilingi ngapi? Tangazo lako halisemi. Mtu wa Ngamiani akiona bei ndogo na hajaona bei ya pili, anajua ya pili imefichwa.

---

MkungaWaChumbageni aliandika:

Pole sana kwa dada yako. "Kabla haijasambaa" ni maneno ambayo hayana nafasi kwenye majibu ya siki. Kitu kinachotibika kwa kifaa cha joto hakijasambaa popote. Anaweza kutibiwa leo au mwezi ujao, na hakuna kitakachoharibika kwa kwenda kufikiri nyumbani.

Nimeenda kuongea na mwenye kliniki jana kwa sababu ya ujumbe wako, tukakaa mpaka tukakubaliana. Naomba nieleze kwa mfano wa mama mmoja wa miaka 34 ili mnikosoe.

Anafika, analipa Sh 10,000. Hakuna ada ya kufungua faili. Anapimwa, unaonekana weupe. Hapo mkunga hasemi neno saratani, kwa kuwa hajaona saratani. Anasema: kuna sehemu imebadilika, tunaweza kuitibu. Anaangalia mambo matatu: weupe wote unaonekana na hauingii ndani ya njia, haujafunika zaidi ya robo tatu ya mlango, na hakuna kinachotia shaka kama kidonda au damu kutoka kwa kuguswa tu. Akiwa sawa kwa yote, anapewa nafasi ya tiba ya joto. Ncha ya kifaa hupashwa hadi nyuzi 100 na kugusishwa kwa sekunde 20 hadi 40, ikibidi mara mbili. Wengi husikia tumbo kubana kama la hedhi. Bei yake ni Sh 20,000, leo au siku nyingine ndani ya miezi mitatu, bei haibadiliki. Jumla Sh 30,000. Baada ya hapo atatokwa majimaji kwa wiki kadhaa, na kwa wiki 4 asikutane na mwenza, au watumie kondomu. Baada ya mwaka anarudi kuangaliwa.

Weupe ukiwa mkubwa au ukiingia ndani, kifaa chetu hakimfai. Anapewa barua ya rufaa kwenda Bombo bila malipo. Gharama za huko si zetu na siwezi kuzitaja kwenye bango.

---

KijanaWaBarabaraYa12 aliandika:

Hapa nimekuelewa na nimeamini. Huko kurudi baada ya mwaka ni elfu kumi au elfu ishirini na tano?

---

MkungaWaChumbageni aliandika:

Elfu kumi. Hilo tulilisahau kikaoni. Nimempigia mwenye kliniki sasa hivi, amekubali na nitaliandika kwenye kadi ya kurudi ya kila mama kwa kalamu, pamoja na saini yangu.

---

Hadija_LungaLunga aliandika:

Mimi niko upande wa Kenya, Lunga Lunga, na soko letu mara nyingi ni Tanga. Mgeni anaruhusiwa? Na hiki cha Sh 60,000 kina faida gani kuliko cha 10,000? Nisije nikavuka mpaka Horohoro kwa kipimo nisichokihitaji.

---

BiMkubwa_Korogwe aliandika:

Acha nijibu hili la pili. Kipimo cha siki kinaona ngozi ilivyo leo, kwa hiyo hurudiwa kila baada ya miaka 3. Cha HPV kinatafuta kirusi chenyewe, ambacho ndicho chanzo. Kisipokuwepo, unaweza kukaa miaka 5 hata 10 bila kurudi. Kinaweza pia kuchukuliwa na wewe mwenyewe nyuma ya pazia, kwa kijiti chenye pamba, bila spekulamu. Wapo wanawake ambao hilo peke yake ndilo litakalowafanya waje. Ukipiga hesabu ya miaka kumi, elfu kumi mara nne ni nafuu bado, ila ni safari nne, na bei ya elfu kumi ni ya siku hiyo tu.

Ila lazima bango liseme hili: ukiwa na HPV bado hujaambiwa una saratani wala hata mabadiliko. Umeambiwa kirusi kipo, uje uangaliwe. Huko kuangaliwa kunalipiwa tena?

---

MkungaWaChumbageni aliandika:

Hapana, aliyelipa 60,000 akiwa chanya anaangaliwa kwa siki bila kuongeza. Akihitaji tiba ya joto ni ileile 20,000. Wanaoishi na VVU ni sawa, bei moja, ila kwao HPV hurudiwa baada ya miaka 3 hadi 5, na hilo tutawaambia chumbani.

Dada Hadija, mgeni anakaribishwa kwa bei ileile. Tatizo langu kwako ni majibu ya HPV, yanachukua hadi wiki 2 na hatuyatumi kwa ujumbe wa simu. Kila aliyepimwa, chanya na hasi, hupata ujumbe wa maneno yaleyale: "Majibu yako yako tayari, karibu kliniki." Kwa hiyo utavuka mpaka mara mbili. Kwa umbali wako, siki inakufaa zaidi kama uko chini ya 50.

---

Hadija_LungaLunga aliandika:

Nina 41. Siki basi. Nikiwa hedhini siku hiyo?

---

MkungaWaChumbageni aliandika:

Piga simu, tunakuhamishia siku nyingine kwa bei hiyohiyo ya elfu kumi. Damu inaziba tunachotaka kuona. Wajawazito nao tunawaomba wasubiri wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua.

---

Mwl_Saidi aliandika:

Nimefuatilia uzi wote kimya. Kuna jambo moja hamjaligusa. Kipimo cha siki kwenye vituo vingi vya serikali hutolewa bila malipo, kwenye kliniki za mama na mtoto. Mke wangu alipimwa hivyo. Je, ni haki kumwambia mwanamke "tumepunguza kutoka 25,000 hadi 10,000" bila kumwambia kwamba kuna mahali ni sifuri? Mtu asiyejua ataona amepewa zawadi.

---

KijanaWaBarabaraYa12 aliandika:

Mwalimu hapo umegusa penyewe. Wengine hiyo elfu kumi ni chakula cha siku mbili.

---

DuktaDuka_Pongwe aliandika:

Lakini hakuna duka linaloandika mlangoni kwamba kwa jirani ni bure. Kliniki inalipa mishahara na vifaa. Anayekwenda kituo cha serikali ana foleni, na siku nyingine mtoa huduma hayupo. Anayelipa elfu kumi ananunua muda wake.

---

BiMkubwa_Korogwe aliandika:

Mimi naegemea kwa Mwalimu, lakini naelewa mwanangu ana mwajiri. Walau chumbani, mama akisema pesa haitoshi, aelekezwe kwa maneno ya wazi ni wapi na siku gani. Asiambiwe tu "ukipata utarudi".

---

MkungaWaChumbageni aliandika:

Hilo la kuelekeza nalifanya tayari na nitaendelea. Kuliandika kwenye bango nimeliwasilisha, mwenye kliniki hajakubali na hajakataa. Hoja yake ni ile ya Dukta. Yangu ni kwamba mwanamke akijua baadaye, hatatuamini hata kwa jambo lingine. Nimeacha nafasi ya mstari mmoja chini kabisa.

Rasimu ya pili hii hapa:

*UCHUNGUZI WA MLANGO WA KIZAZI KWA WANAWAKE WASIO NA TATIZO LOLOTE*
*Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Wakunga wawili, wote wanawake.*

*Kipimo hiki hutafuta mabadiliko madogo ambayo kwa kawaida hutibika kabla hayajawa ugonjwa. Wengi watakaopimwa wataambiwa hawana kitu.*

*Umri: miaka 30 hadi 49. Chini ya 30 au zaidi ya 49, piga simu kwanza tukuambie kipimo gani kinakufaa.*

*Kipimo cha siki Sh 10,000. Majibu papo hapo.*
*Kipimo cha HPV Sh 60,000, unaweza kujichukulia mwenyewe. Majibu ndani ya wiki 2. Ukiwa na kirusi, kuangaliwa ni bila malipo. Kuwa na kirusi si kuwa na saratani.*
*Ukihitaji tiba ya joto: Sh 20,000, siku hiyo au ndani ya miezi 3. Kuangaliwa baada ya mwaka: Sh 10,000. Barua ya rufaa na faili: bila malipo.*
*Malipo ni taslimu au kwa simu. Bima haitumiki siku hiyo.*

*Uko hedhini? Tutakupangia siku nyingine kwa bei hiyo. Mjamzito? Njoo baada ya kujifungua. Uliwahi kufanyiwa upasuaji wa kizazi? Njoo siku ya kawaida na karatasi zako.*
*Unatokwa damu isiyo ya kawaida? Usisubiri siku hiyo, mwone daktari siku yoyote.*

*Nafasi 36 kwa kujiandikisha.*

---

Mwanaidi_Makorora aliandika:

Hii hata mama yangu ataielewa. Kwa nini 36 lakini? Watu wataona ni ujanja wa kuwaharakisha, kama zile "nafasi chache zimebaki".

---

MkungaWaChumbageni aliandika:

Spekulamu zetu ziko 40, na kuzichemsha kwa mashine na kuzipoza kunakula zaidi ya saa nzima, hatuwezi kuzirudisha kazini katikati ya siku kwa uhakika. Nne ni za akiba. Na vitanda viwili, dakika 20 kila mtu, saa saba ni nafasi 42, ukiondoa muda wa tiba na wakunga kula, unarudi palepale. Nitaandika "nafasi 36, wakijaa tutaandikisha wiki inayofuata kwa bei hiyo". Nitamwomba mwenye kliniki hilo pia.

---

BiMkubwa_Korogwe aliandika:

Mwombe. Na kwenye simu mweke mtu anayejua kujibu hao wa chini ya 30, asiwe mlinzi wala mtu wa mapokezi aliyeajiriwa juzi. Binti akipiga akaulizwa kwa sauti "una tatizo gani?" mbele ya watu, atakata.

---

MkungaWaChumbageni aliandika:

Nitaishika mwenyewe kuanzia saa 10 jioni, nikishatoka zamu. Mama Ramla alikuja jana, ameonwa na daktari. Bango linaenda kwa mchapaji Ijumaa. Mwalimu, ule mstari wa chini bado uko wazi mpaka Alhamisi jioni.

---

Mwl_Saidi aliandika:

Nitarudi Alhamisi kuuliza.